Kipande cha kumi: kisa cha keki ya kula mpaka utosheke

Kisa hiki, kinachoonyesha namna kila kipande cha keki kinachoongezwa kinavyomfaa mlaji kidogo kuliko kilichotangulia, kilitokea Jinja, katika mtaa ambao zamani ulikaliwa zaidi na wafanyakazi wa viwanda waliotoka kila pembe ya Uganda na nchi jirani. Mpaka leo Kiswahili kinasikika hapo kuanzia sokoni hadi msikitini. Mwenye biashara ameniruhusu nikisimulie kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha na kufanya hesabu ziwe za mviringo pale ambapo hakuna kinachoharibika. Nitamwita Mama Trei. Mimi ni mwalimu wa uchumi wa sekondari, na Jumapili huwasaidia akina mama wa kikundi chake cha akiba kuweka vitabu vya hesabu.

## Usuli

Mama Trei ana hoteli ndogo ya chai. Ana meza sita, oveni ya mkaa nyuma ya nyumba, na msichana mmoja wa kumsaidia. Keki yake ni ya kawaida, ya unga wa ngano, mayai, sukari, siagi na ganda la limau lililokunwa, na huikata vipande ishirini na tano kwa kila trei. Tulipokaa naye tukapiga hesabu ya vitu vyote pamoja na mkaa, kila kipande kilikuwa kinamgharimu shilingi 1,200. Alikuwa anakiuza 2,500, kwa hiyo faida yake ilikuwa 1,300 kwa kipande.

Jumamosi ya kawaida aliuza vipande kama 70, faida ya shilingi 91,000. Watu sitini hivi walinunua kimoja kimoja, na wachache waliongeza cha pili. Jambo hilo la mwisho ndilo lililomkera. Aliniambia, "Mwalimu, mtu anasifia keki yangu mpaka naona haya, halafu anakula kipande kimoja anaondoka. Kama ni tamu hivyo, kwa nini hali viwili?"

Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani. Mteja aliyeondoka baada ya kipande kimoja hakuwa anadanganya. Kipande cha kwanza kwake kilikuwa na thamani zaidi ya 2,500, na cha pili kilikuwa na thamani chini ya 2,500. Sifa zilikuwa za kile cha kwanza, na uamuzi wa kuondoka ulihusu kile cha pili. Keki ni ileile na kisu ni kilekile, lakini mlaji wa kipande cha pili si yule wa kwanza, kwa sababu sasa ana keki tumboni.

## Yaliyotokea

Mama Trei alitangaza kwamba kila Jumamosi mchana, kwa shilingi 10,000, mtu atapata kikombe kimoja cha chai ya maziwa na keki mpaka atosheke. Hakukurupuka. Aliketi na kalamu. Alidhani hakuna mtu atakayemaliza zaidi ya vipande vitano, na vitano vinamgharimu 6,000, chai 500, hivyo atabaki na 3,500. Ukilinganisha na 1,300 ya mteja wa kipande kimoja, hesabu ilionekana nzuri.

Jumamosi ya kwanza alioka trei sita, vipande 150. Wateja ishirini walilipa elfu kumi kila mmoja, na kwa pamoja walichukua vipande 134. Vilivyobaki kwa wateja wa kawaida vilikuwa 16 tu, na waliokuja baada ya swala ya alasiri walikuta trei tupu. Jioni alihesabu noti akafurahi, maana mkoba ulikuwa umejaa kuliko Jumamosi yoyote aliyokumbuka. Furaha iliisha Jumatatu, alipokwenda kununua unga na mayai na fedha ikapungua.

Hesabu tuliyoiandika baadaye ilikuwa hivi. Wale ishirini walileta 200,000. Keki waliyochukua ilimgharimu 160,800 na chai 10,000, zikabaki 29,200. Vile 16 vya wateja wa kawaida vilileta faida ya 20,800. Jumla ni 50,000, ilhali Jumamosi ya kawaida, kwa kazi pungufu ya nusu, humpa 91,000.

Aliponieleza, kilichokuwa kinamuuma zaidi ni vipande 23 vilivyoachwa kwenye sahani vikiwa vimemegwa kidogo tu. Kwa hiyo Jumamosi ya pili aliweka faini: ukiacha kipande, unalipa 1,000 juu. Sikuwa nimeombwa ushauri bado, lakini siku hiyo nilikwenda na daftari nikakaa pembeni.

Vilivyoachwa vilishuka kutoka 23 hadi 4. Vilivyochukuliwa vilishuka kutoka 134 hadi 127 tu. Maana yake ni kwamba vingi vilivyokuwa vinaachwa sasa vilikuwa vinalazimishwa kuingia tumboni. Mzee mmoja alitoka nje akakaa kwenye ngazi kwa nusu saa akiwa ameshika kiuno, hataki kuongea na mtu.

## Fundi wa pikipiki na karani

Niliomba ruhusa kwa wateja wawili niwaulize swali lilelile kabla ya kila kipande: "Kama hiki peke yake kingekuwa kinauzwa sasa hivi, bei ya juu kabisa ambayo ungetoa kabla ya kusema basi ni shilingi ngapi?"

Wa kwanza alikuwa kijana fundi wa pikipiki, mwenye mikono mikubwa na njaa ya mchana kutwa. Alikuwa amelipa elfu kumi. Haya ndiyo majibu yake:

| Kipande | Bei ya juu ambayo angetoa | Jumla mpaka hapo |
|---|---|---|
| 1 | 4,000 | 4,000 |
| 2 | 3,500 | 7,500 |
| 3 | 2,800 | 10,300 |
| 4 | 2,000 | 12,300 |
| 5 | 1,400 | 13,700 |
| 6 | 900 | 14,600 |
| 7 | 500 | 15,100 |
| 8 | 200 | 15,300 |
| 9 | 0 | 15,300 |
| 10 | –500 | 14,800 |

Kipande cha kwanza alikula bila kuketi sawasawa. Cha tatu alianza kukikata kwa kijiko. Cha sita alikuwa anakunywa chai baada ya kila tonge, na chai ilipoisha aliagiza maji. Cha tisa na cha kumi alikuwa amevichukua kwa pamoja kwenye sahani moja wakati bado anajiamini. Alipofika cha kumi alikitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hiki mtu angenipa mia tano ndiyo nikile." Hata hivyo alikila, kwa kuwa kukiacha kungemtoa 1,000, na karaha ya kukila kwa makadirio yake ilikuwa 500.

Safu ya katikati ya jedwali ndiyo wanauchumi wanayoiita manufaa ya nyongeza, yaani kile ambacho kipande kimoja zaidi kinaongeza juu ya vilivyokwisha kuliwa. Safu ya mwisho ni manufaa ya jumla. Wanafunzi wangu huchanganya hizi mbili kila mwaka. Wakisikia manufaa yanapungua, wanaandika kwamba mtu anazidi kuwa na hali mbaya tangu kipande cha pili. Sivyo. Mpaka kipande cha nane jumla ya fundi ilikuwa bado inapanda, ila inapanda kwa hatua zinazofupika. Iliposimama ni pale nyongeza ilipofika sifuri, na iliposhuka ni pale nyongeza ilipovuka sifuri kwenda chini. Kipande cha nane hakikumdhuru. Kilimfaa kwa shilingi 200.

Mtu wa kwanza kuiweka wazi kanuni hii, ya kwamba manufaa ya nyongeza hupungua kadiri mtu anavyozidi kutumia kitu, kama msingi wa uchumi alikuwa Mjerumani, Hermann Heinrich Gossen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1854. Kitabu hakikununuliwa, naye akaziondoa nakala zilizobaki sokoni kabla ya kufa mwaka 1858. Mwaka 1871 wanauchumi Jevons huko Uingereza na Menger huko Austria waliifikia kanuni ileile kila mmoja kwa njia yake, na mwenzao Walras akafuata mwaka 1874. Nawaambia wanafunzi jambo hili kwa sababu linatuliza moyo: kitu ambacho fundi alikihisi kwa ulimi katika nusu saa kiliwachukua wasomi muda mrefu kukipatia mahali pake.

Mteja wa pili alikuwa karani, mwanamke wa makamo anayekuja kila Jumamosi na kununua kipande kimoja. Hakuwa amelipa elfu kumi. Majibu yake yalikuwa 5,000 kwa cha kwanza, 2,200 kwa cha pili, 1,600 kwa cha tatu na 600 kwa cha nne. Alisema cha tano hata bure hakitaki.

Ukiweka majibu ya hawa wawili kando kwa kando, hasara ya Mama Trei inajieleza. Karani akila vyote vinne, jumla yake ni 9,400. Hiyo ni chini ya 10,000, kwa hiyo ofa haimfai na hatainunua kamwe. Fundi jumla yake ni 15,300, hivyo akilipa 10,000 anabaki na 5,300 ya faida yake mwenyewe. Mlango wa elfu kumi ulikuwa unachuja watu. Ulikuwa unawaacha nje wale ambao utamu wao unashuka haraka, ambao wangekula vipande vinne, na kuwaingiza wale ambao utamu wao unashuka polepole, ambao watakula vinane. Mama Trei alipokadiria vitano alikuwa anawafikiria wateja wake wote. Waliokuja hawakuwa wateja wake wote.

## Maamuzi na sababu zake

Wazo lake la kwanza lilikuwa kupandisha ofa iwe 13,000. Nilimwonyesha jedwali nikamwuliza: fundi akilipa 13,000 mlangoni, ataacha kula kwenye kipande cha ngapi? Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Palepale." Fedha ikishalipwa mlangoni haihusiki tena na kipande chochote. Kila kipande kinachofuata bei yake kwa mlaji ni sifuri, na mlaji ataendelea mpaka manufaa ya nyongeza yafike sifuri, awe amelipa elfu kumi au elfu kumi na tatu. Kupandisha kungewafukuza wale wanaokula sita na kumbakizia wale wanaokula tisa.

Faini nayo tuliiondoa siku hiyohiyo. Ilikuwa inazuia macho yasione hasara, basi. Kipande kilichoachwa kwenye sahani na kipande kilicholiwa kwa karaha vyote vimeshaokwa, na vyote vimekula shilingi 1,200 za unga na mayai.

Hapo ndipo tulipofika kwenye kiini, na nilimwomba aangalie mstari wa sita wa jedwali. Kipande cha tano kilimfaa fundi kwa 1,400, na gharama yake ni 1,200. Bado kuna maana kukioka. Cha sita kilimfaa kwa 900. Mama Trei alichukua vitu vya 1,200 akavigeuza kuwa kitu cha 900. Cha saba akavigeuza kuwa cha 500, cha nane 200. Alikuwa ameumizwa na vipande 23 vya kwenye sahani, lakini upotevu mkubwa haukuwa kwenye sahani kabisa. Ulikuwa umeliwa, umemezwa, na mlaji ameshukuru. Gharama ya mwokaji ni ileile kwa kipande cha kwanza na cha kumi, huku manufaa ya mlaji yakishuka kila mara, na ofa ya mpaka utosheke huwavusha wote wawili kupita pale manufaa yanapolingana na gharama.

Tulichoamua ni bei inayoshuka pamoja na utamu. Kipande cha kwanza kibaki 2,500, cha pili 2,000, cha tatu na kuendelea 1,500. Hakuna kinachouzwa chini ya 1,200. Sababu yake ilikuwa karani: kwa bei moja ya 2,500 ananunua kimoja na kumwachia Mama Trei 1,300. Kwa bei inayoshuka atachukua cha pili, maana 2,200 inapita 2,000, na cha tatu, maana 1,600 inapita 1,500. Faida ya Mama Trei inakuwa 1,300, kisha 800, kisha 300, jumla 2,400.

Kwa fundi mambo ni kinyume, na nililazimika kulisema wazi. Kwa bei moja ya 2,500 fundi angenunua vipande vitatu na kuleta faida ya 3,900. Kwa bei inayoshuka ananunua vinne, analipa 7,500 ileile, na faida inashuka hadi 2,700. Yaani bei hii haipati chochote kwa mlaji mkubwa, bali inampunguzia. Inalipa tu ikiwa mtaani kuna makarani wengi kuliko mafundi. Kwa kuwa watu sitini kati ya wateja wake walikuwa wa kipande kimoja, tuliona inafaa kujaribu.

## Matokeo

Jumamosi ya kwanza ya bei mpya ilikuwa na kasoro ambayo mimi sikuiona mapema. Wasichana watatu wa shule waliketi meza moja, mmoja akaagiza vipande vitatu kwa jina lake, akalipa 6,000 badala ya 7,500, na wakala kila mmoja kimoja. Hawakuiba kitu. Lakini kile kilichoitwa kipande cha tatu kilikuwa cha kwanza kwa yule aliyekila, na Mama Trei alikuwa amempunguzia bei mtu ambaye utamu wake haukuwa umepungua hata kidogo. Aliweka utaratibu kwamba kipande kinachofuata kinatoka pale sahani iliyotangulia inaporudi tupu kwa mlaji yuleyule. Msichana wake wa kazi alilalamika kwamba ni kutembea kwingi, na ni kweli.

Jumamosi ya nne ya utaratibu huo aliuza vipande 96: 64 kwa 2,500, 20 kwa 2,000 na 12 kwa 1,500. Jumla 218,000, gharama 115,200, faida 102,800. Vichache vilivyobaki hatukuviingiza katika hesabu, kama ambavyo hatukuviingiza kabla. Ukilinganisha na 91,000 ya zamani, ni ongezeko la 11,800 kwa kazi ya trei moja zaidi. Si utajiri. Kwa mama anayelipa ada za watoto wawili ni kitu, na zaidi ya hapo wateja wa alasiri walirudi kuikuta keki.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuacha kuuliza "keki inapendwa kiasi gani" na kuanza kuuliza "kipande kinachofuata kinapendwa kiasi gani, na nani". Kanuni nzima imo katika neno kinachofuata.

Vipimo vyangu, hata hivyo, vina udhaifu ambao ni lazima uelezwe. Fundi alijibu mbele ya wenzake wawili, na naamini ile 4,000 ya kwanza ilikuwa na majivuno ndani yake. Mlolongo wa kushuka nauamini zaidi kuliko tarakimu yoyote peke yake. Vilevile, karani kusema 5,000 na fundi 4,000 hakuthibitishi kwamba karani alifurahia zaidi. Karani ana mshahara. Kwake shilingi elfu ni nyepesi, kwa fundi ni nzito, kwa sababu fedha nayo hufuata mkondo uleule: elfu ya mwisho ya mwenye nyingi humfaa kidogo kuliko elfu ya mwisho ya mwenye chache. Mwanahisabati Daniel Bernoulli aliliandika hilo mwaka 1738, zaidi ya karne moja kabla ya Gossen. Kwa hiyo jedwali linafaa kulinganisha kipande na kipande cha mtu yuleyule katika kikao kilekile. Kulinganisha ulimi wa mtu na wa mwingine kwa shilingi ni kukosea.

Maneno "kikao kilekile" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Fundi alipofika kipande cha sita, kile cha 900, Mama Trei alikuwa ametoa jikoni keki ya ndizi, ya bogoya zilizoiva mpaka maganda kuwa meusi. Nilimwuliza fundi angetoa kiasi gani kwa kipande cha hiyo. Alijibu 1,800 bila kufikiri. Tumbo lilikuwa lilelile, limejaa vilevile. Kilichochoka kilikuwa hamu ya ladha ile moja, ya limau na siagi, na wataalamu wa lishe wameonyesha kwamba hamu ya chakula unachokila hushuka ndani ya dakika chache huku hamu ya vyakula vingine ikibaki juu. Kipya kinyemi, wahenga walikwisha kusema. Lakini 1,800 si 4,000: sehemu ya mshuko ilikuwa ya ladha, na sehemu ilikuwa ya tumbo, na ladha mpya hurekebisha ile ya kwanza tu. Mama Trei sasa anauza sahani ya nusu vipande vitatu vya keki tatu tofauti kwa 4,000. Inamgharimu kama 1,800, na ndiyo inayotoka haraka kuliko kitu kingine chochote mezani.

Kanuni pia haisemi kwamba kila kitu hushuka tangu mwanzo. Nilipojaribu kukata kipande kimoja katika vijisehemu vinne kwa ajili ya darasa, wanafunzi wenye njaa walisema kijisehemu cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Cha kwanza kiliamsha hamu tu. Ukikata kidogo mno unaweza kuona mpando kabla ya mshuko, na mwalimu asiyelijua hili ataaibika mbele ya darasa. Tumia kipimo ambacho watu hukila kweli kwa mara moja.

Kosa ambalo lilichelewa kuonekana kuliko yote lilikuwa langu. Niliandika bei zile tatu bila kutofautisha keki ya kula pale na keki ya kufungiwa. Mteja aliyekula viwili alikuwa akisema "nifungie kingine", akauziwa kwa 1,500 kama kipande cha tatu. Mama Trei ndiye aliyeligundua, wiki ya pili, siyo mimi. Alimwuliza mzee mmoja keki ile anampelekea nani. Mzee akasema ni ya mjukuu wake, yuko nyumbani, hajala keki tangu Idi. Basi kile hakikuwa kipande cha tatu cha mzee. Kilikuwa cha kwanza cha mtoto, na mzee alikuwa tayari kukilipia kama cha kwanza. Hata mtu anayejifungia mwenyewe ale kesho asubuhi na chai, kesho ulimi umepumzika na tumbo ni tupu, na hesabu inaanza upya juu.

Kuanzia hapo punguzo likawa la mezani tu, na cha kufungiwa ni 2,500 bila kujali umekula vingapi. Wapo wanaouliza mpaka leo kwa nini kipande kilekile kiwe ghali kikiwekwa kwenye karatasi kuliko kikiwekwa kwenye sahani. Mama Trei huwajibu akiwa anakunja karatasi, "Baba, hiki cha kwenye karatasi hakijamkuta mtu ameshiba." Wengi hucheka, wanalipa, wanaondoka nacho.